Picha za Kusafishwa na Picha za Kubaki Simuni

Katika miaka hii ya simu janja limezuka miongoni mwetu jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni la nyumbani tu, lisilostahili mjadala wa watu wazima. Jambo lenyewe ni hili: kati ya picha chungu nzima tunazopiga kila siku, zipi zipelekwe studio zikasafishwe, na zipi ziachwe zikae katika simu? Wapo wasemao kwamba swali hilo limepitwa na wakati, kwa kuwa simu imekwisha kuwa albamu. Wapo wengine ambao huchagua, lakini huchagua kwa kigezo kimoja tu, nacho ni uzuri wa sura na nguo. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamepotea njia, na kwamba kosa lao lawagharimu wajukuu kuliko linavyowagharimu wao wenyewe.

Tuanze na kisa, kwani hoja isiyo na kisa ni mtumbwi usio na maji. Alifariki shangazi mmoja katika ukoo wetu, mwanamke aliyelea watoto wa nyumba tatu. Kama ilivyo desturi siku hizi, vijana waliambiwa watafute picha yake ipigwe kubwa, iwekwe penye msiba. Katika simu za watoto na wajukuu zake zilikuwamo picha maelfu. Ilipofika saa ya kuitafuta picha yake peke yake, haikuonekana hata moja. Ilipatikana ile ya harusi, naye amesimama mwisho wa mstari, nyuma ya bibi harusi, nayo ilikuwa imekwisha kupitishwa kutoka simu hadi simu kwa njia ya WhatsApp. Kijana wa studio alikata kipande chenye uso wake, akakikuza, kisha akamwambia aliyetumwa: “Mzee, hapa picha hakuna, ni ukungu tu.” Hata hivyo ikachapwa hivyo hivyo, maana maziko hayangoji. Watu wakamuaga shangazi mbele ya sura ambayo si yake wala si ya mtu mwingine.

Kijana yule hakuwa na kosa. Hesabu yenyewe yaonyesha. Picha ya simu imejengwa kwa nukta ndogo ndogo, na ili jicho lisizione nukta hizo katika picha ishikwayo mkononi, kila sentimeta moja ya karatasi yahitaji nukta 120 hivi. Kwa picha ya ukutani itazamwayo kwa mbali, nukta 60 kwa sentimeta zaweza kutosha. Simu nyingi za leo hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa upande mrefu, yaani yatosha kwa karatasi ya sentimeta 30 bila wasiwasi. Lakini ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na upande mrefu hubaki na nukta 1,600 hivi. Katika nukta hizo 1,600 walikuwamo watu wengi, na sehemu ya shangazi, tangu bega hadi bega, haikuzidi nukta 220. Nukta 220 zikitandazwa juu ya karatasi ya sentimeta 30, kila sentimeta hupata nukta 7. Mtu gani atatambulika kwa nukta 7?

Basi tujiulize: picha zile maelfu zilikuwa na faida gani? Jibu ni kwamba zilipigwa bila kuchaguliwa. Zamani uchaguzi ulikuwa hauepukiki. Filamu ya kamera ndogo ilikuwa na picha 36, na ya kamera za studio mara nyingi ilikuwa na picha 12 tu. Mpiga picha alifikiri kabla ya kubofya, kwa kuwa kila mbofyo ulikuwa fedha. Jamaa walipokwenda kwa mpiga picha kama Ranchhod Oza, aliyefungua studio yake ya Capital Art mjini Unguja mwaka 1930, walikuwa wamekwisha kukata shauri nyumbani nani atasimama, nani atakaa, na avae nini. Uchaguzi ulitangulia picha. Leo picha hutangulia, na uchaguzi umeachwa nyuma. Haukufutwa, ndugu msomaji, umehamishwa tu. Nasi twaishi kana kwamba umefutwa.

Sasa tuwajibu wale wa kundi la kwanza, wasemao kwamba simu yatosha. Hatuwabishii kwamba picha ya simu ina sifa ambazo karatasi haina. Yaweza kumfikia ndugu aliye Maskati au Toronto kabla ya wali wa harusi kupoa. Yaweza kunakiliwa mara mia nakala isipungue ubora, maadam inanakiliwa kama ilivyo. Tunalowabishia ni neno “imehifadhiwa.” Simu huibwa, huanguka majini, hufa yenyewe. Watajibu kwamba picha zao ziko juu, katika hazina za mtandao. Lakini hazina ile ni ya mwenyewe, na mwenyewe hubadili masharti. Hadi mwaka 2021 Google Photos ilipokea picha bila kikomo na bila malipo, mradi zipunguzwe kidogo. Kuanzia tarehe 1 Juni, 2021, kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa katika nafasi ya bure ya gigabaiti 15, na nafasi ikijaa, ulipe au ufute. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba akaunti ambayo haikutumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na kazi hiyo ikaanza Desemba mwaka huo.

Tafakari maana ya sharti hilo kwa ukoo. Akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili ni ya nani? Mara nyingi ni ya marehemu. Aliyefariki bila kumwachia mtu neno lake la siri amefunga sanduku na kuondoka na ufunguo, na baada ya miaka miwili sanduku lenyewe laweza kuchomwa moto. Albamu ya karatasi haidai neno la siri. Mjukuu huifungua akiwa ameketi sakafuni, na nyanya yake akiwa pembeni humwambia, “Huyu ndiye babu yako mkubwa.” Hapo ndipo historia ya nyumba hupita kutoka kinywa kimoja hadi sikio jingine. Simu hutazamwa na mtu mmoja. Albamu hutazamwa na mkeka mzima.

Kundi la pili ni la wale wanaosafisha picha, lakini husafisha zile tu ambazo wamependeza. Hawa twawaonea haya zaidi, kwa sababu wana nia njema na hukosea mlangoni. Tazama kuta zetu. Picha ya harusi, picha ya mahafali, picha ya sikukuu, zote watu wamevaa nguo za siku moja, wamesimama mbele ya pazia la kukodi. Mjukuu wa miaka hamsini ijayo atadhani kwamba babu zake hawakupata kulima, kupika, kuvua wala kusuka; kwamba walizaliwa wakiwa na tai shingoni. Uzuri ni kigezo, lakini ni cha mwisho.

Tena kuna aibu kubwa zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wageni waliuza kadi za posta zenye picha za watu wa mwambao wetu. Katika kadi nyingi za namna hiyo, maandishi yaliyo chini hutaja kabila au kazi tu: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Jina la mtu halimo. Twazitazama leo kwa uchungu, kwani yule aliyesimama pale alikuwa mama wa watu na jirani wa watu, na hatuwezi kumjua. Tumewalaumu wakoloni kwa jambo hilo, na tulikuwa na haki. Lakini haya, fungua albamu yako mwenyewe. Umeandika majina ya wangapi? Yale tuliyotendewa na mgeni kwa dharau, leo twatendeana wenyewe kwa uvivu.

Kutokana na hayo, sisi twapendekeza mizani tatu, na picha isiyopita katika mizani hizo isipelekwe studio. Ya kwanza: picha hii ikipotea, je, kipo kitu kingine kitakachosema isemayo? Ya pili: je, tunaweza kuwataja waliomo, mahali na mwaka? Ya tatu: je, aliyemo angeridhia ionekane na mgeni aketiye sebuleni? Uzuri uulizwe baada ya hayo, pale tu ambapo picha mbili zimelingana kwa yote matatu.

Ili isionekane kwamba twahubiri tusilolitenda, tueleze kazi tuliyoifanya wenyewe. Mwezi Desemba, 2023, ukoo wetu ulikutana Pangani kwa siku tatu. Baada ya mkutano tulikusanya picha kutoka simu tano, zikawa 640. Sharti la kwanza tulilotoa ni kwamba kila mtu alete picha ya asili kutoka simu iliyoipiga, si ile iliyotumwa katika kundi; na aliye mbali aitume kama waraka, si kama picha, kwa kuwa njia hiyo haiipunguzi. Sharti hili lina faida ya pili. Picha ya asili hubeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa. Ikitumwa kwa njia ya kawaida habari hizo huondolewa, na simu ya mpokeaji huonyesha tarehe aliyoipokea. Hivyo picha ya Desemba yaweza kusomeka kuwa ni ya Machi, na baada ya miaka ishirini hatakuwapo wa kusahihisha.

Upitiaji wa kwanza ulikuwa wa kuondoa tu. Ziliondoka zilizotikisika, zilizorudiwa, picha za sahani za chakula, picha za risiti, na zile zilizotoka kwingine zikaingia kwa bahati mbaya. Zikabaki 230. Upitiaji wa pili tuliufanya kesho yake, maana jicho lililochoka halichagui. Tulizipanga kwa matukio, na kila tukio tukaliachia picha mbili au tatu. Zikabaki 60. Ndipo tukazipandisha mizanini, watu watatu pamoja: mzee mmoja ajuaye majina, kijana mmoja ajuaye simu, na mama mmoja ajuaye ugomvi wa nyumba, ili asisahaulike mtu wa upande wowote. Mwisho zilisafishwa 26.

Hapo palikuwa na mabishano, na mabishano hayo ndiyo shule yenyewe. Kulikuwa na picha mbili za bibi yetu. Katika moja ameketi kitini, kanga mpya, anacheka, mwanga mzuri. Katika nyingine ameinama, uso nusu haionekani, anasuka ukili, na vidole vyake vimekaza miaa. Vijana wote waliitaka ya kwanza. Tukawauliza: za kwanza kama hii ziko ngapi? Zilikuwa tisa. Na za mikono yake? Ni hiyo moja tu, na hapana binti katika nyumba ile ajuaye kusuka. Basi zote mbili zikasafishwa, lakini ikikosekana nafasi ya moja, ya mikono ndiyo iliyopewa haki. Vivyo hivyo picha ya nyumba ya zamani, ukuta wake wa udongo umebomoka upande mmoja, ilikataliwa na wengine kuwa yaleta aibu. Nyumba hiyo ilikuwa ivunjwe mwaka uliofuata. Tulisema kwamba aibu hupita, na nyumba iliyovunjwa hairudi kupigwa picha.

Ilikuwapo pia picha ya ukoo mzima, watu 41 katika mistari mitatu. Hiyo haikufaa kusafishwa kwa kipimo cha kawaida cha sentimeta 10 kwa 15, kwa kuwa kila uso ungekuwa mdogo kuliko punje ya hindi. Tuliichapa sentimeta 20 kwa 30, kutoka picha ya asili. Juu yake tuliweka karatasi nyembamba, tukachora vichwa kwa penseli bila kukandamiza, tukatia kila kichwa nambari, na pembeni tukaandika majina 41. Kazi hiyo ilichukua alasiri moja. Majina matatu hayakujulikana na yeyote miongoni mwetu watatu, ikabidi tupige simu. Iwapo majina matatu yalikwisha kutupotea ndani ya mwezi mmoja, mwenye akili na apige hesabu ya miaka thelathini.

Je, zile nyingine tulizitupa? La hasha. Picha 204 zilizosalia zilibaki katika hali yake ya simu, zimewekwa mahali pawili palipo mbalimbali, kwa watu wawili. Na hapa lazima tuseme wazi kwamba kubaki simuni si adhabu. Zipo picha ambazo mahali pake pa haki ni huko. Mfululizo wa watoto wakicheza mdako, picha ishirini, una ladha ukiutazama kwa kuupitisha haraka; ukitoa moja ukaibandika, mchezo umekufa. Picha za nyaraka, kama hati za shamba, husomeka vyema kwa kukuzwa kiooni, na karatasi yake halisi ipo. Na zipo zile ambazo mizani ya tatu huzikataa: mgonjwa kitandani, mtoto asiye na nguo, marehemu katika jeneza. Wapo wanaozisafisha hizi na kuzitia katika albamu pamoja na za sikukuu. Huko ni kumnyang'anya mtu sitara yake kwa kuwa hana tena kinywa cha kukataa. Zikiwa na haja ya kutunzwa, zitunzwe na mtu mmoja mwaminifu, zisioneshwe kila apitaye.

Neno la mwisho ni juu ya karatasi yenyewe, kwani kuchagua vyema na kusafisha vibaya ni sawa na kuvuna mpunga na kuuacha mvuani. Ulizeni studio kama mashine yao huchapa juu ya karatasi ya picha isafishwayo kwa dawa, au hupulizia wino. Baadhi ya wino ni dhaifu: tia tone la maji pembeni mwa picha ya majaribio, na rangi ikitiririka, picha hiyo haitafaa katika unyevu wa pwani. Msikubali picha muhimu itiwe laminesheni. Watu huipenda kwa kuwa yang'aa, lakini plastiki ile hubandikwa kwa moto, haibanduki tena bila kuiharibu picha, na unyevu ukipenya pembeni hufungiwa humo humo. Albamu za kurasa zenye gundi nazo ni adui: gundi hugeuka manjano na picha hunasa. Na picha ya fremu isiguse kioo. Wekeni ukingo wa kadi katikati, maana unyevu huigandisha kiooni, na siku mtakapoitoa uso utabaki kwenye kioo. Majina yaandikwe kwenye ukurasa wa albamu, chini ya picha. Wino nyuma ya picha huhamia juu ya uso wa picha inayofuata, na kalamu ya kukandamiza huacha makovu.

Karatasi nayo huungua, huliwa na mchwa, huoza. Ndiyo maana hatukusema kwamba karatasi iiondoe simu. Tumesema kila moja ipewe kazi yake: simu itunze wingi, karatasi itunze ushahidi, na nakala ya pili ya karatasi iwekwe nyumba nyingine. Lakini kati ya vitu hivyo viwili, hakuna kinachoweza kumjua mtu ambaye sisi hatukumtaja.

Picha isiyo na jina, ni sura isojuliwa,
Wajukuu wakiona, ni nani wataambiwa?
Andikani kwa bayana, mwaka na mji kutiwa,
Sura bila ya kauli, ni mgeni kwa nduguze.

Shangazi yetu tulimzika mbele ya ukungu. Baada ya maziko, katika mtungi wa karatasi za dada yake, ilionekana picha moja ndogo ya mwaka 1974, nyeusi na nyeupe, shangazi akiwa kijana, ameshika jembe mbele ya shamba la shule. Nyuma yake, kwa penseli, mtu ambaye naye amekwisha kufa alikuwa ameandika jina lake lote, mahali na mwezi. Hiyo ndiyo iliyo ukutani leo. Aliyeiandika hakuwa na simu, wala hakuwa na picha nyingi. Alikuwa amechagua.